PS4 haiingii eduroam na rauta sina: naipitishiaje intaneti kwenye laptopu kwa waya?

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Niko hosteli hapa Nairobi. Nimekuja na PS4 yangu, ile nene ya kwanza, nikidhani mambo yatakuwa kama nyumbani. Waifai ya chuo ni eduroam. Kwenye simu na laptopu naingia bila shida, naandika jina langu la chuo na nywila. Kwenye PS4 hakuna mahali pa kuandika jina, inataka nywila tu, kwa hiyo haiingii ng'o.

Rauta haturuhusiwi kuweka chumbani. Nilichonacho ni laptopu ya Windows 10 yenye tundu la waya wa mtandao, na waya wa mita mbili hivi. Nikafuata video moja, nikafika penye Sharing, nikaweka tiki. Papo hapo laptopu yenyewe ikapoteza intaneti, na PS4 nikiipima inasema Obtain IP Address: Failed. Nimetoa tiki lakini laptopu hadi sasa haina intaneti, uzi huu naandikia kwenye simu. Nimekosea wapi?

Chogo_la_Samaki · Jumatatu, saa 2:31 usiku

Hiyo haiwezekani mkuu, usijisumbue. Laptopu yake tundu la HDMI ni la kutoa picha, siyo la kuingiza. Ukichomeka PS4 pale huoni kitu. Tafuta tivii hata ya mtumba.

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 2:34 usiku

Tivii ninayo kaka. Shida yangu ni intaneti, siyo picha.

Baba_Kontrola · Jumatatu, saa 2:50 usiku

Dogo, njia ni rahisi sana, usitumie Sharing. Fungua pale kwenye orodha ya mitandao, shika Ctrl, chagua Wi-Fi na Ethernet kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia, kisha Bridge Connections. Mimi nyumbani natumia hivyo mwaka wa pili huu. Halafu hakikisha waya wako ni ule wa kuvuka, yaani upande mmoja rangi zimepangwa tofauti na upande wa pili. Waya wa kawaida hauunganishi mashine na mashine.

FundiWaya · Jumatatu, saa 3:22 usiku

Baba Kontrola, heshima yako, lakini hapo kuna nusu ya ukweli mara mbili.

Waya wa kuvuka ulihitajika enzi za kadi za zamani. Laptopu yake na PS4 zote zina matundu yanayojitambua yenyewe upande upi unatuma na upi unapokea, kwa hiyo waya wowote mzima unatosha. Taa ya tundu ikiwaka pande zote mbili zinapochomekwa, waya hauna kosa. Asiende mjini kununua mwingine.

Kuhusu Bridge: ukiunganisha hivyo, laptopu inakuwa kama kipande cha waya tu. PS4 inakwenda kuomba anwani kwenye mtandao wa chuo kwa jina lake yenyewe. Kwako nyumbani rauta inaikubali kwa sababu haina ubaguzi. eduroam inamjua aliyejitambulisha, na aliyejitambulisha ni laptopu. Chombo cha pili kikitokea nyuma yake, mara nyingi mtandao hauna habari nacho. Anachohitaji huyu kijana ni laptopu iwe dalali: chuo kione laptopu peke yake, na PS4 ijifiche nyuma yake. Hiyo ndiyo kazi ya Sharing.

Sasa Mgeni, kosa lako nalijua hata bila kuona skrini. Intaneti ya laptopu ilikatika ulipoweka tiki kwa sababu tiki uliiweka kwenye Ethernet. Tiki inakwenda kwenye mtandao unaoleta intaneti, siyo unaopokea. Ulipogeuza, Windows ikaamini intaneti inaingia kwa waya na inatakiwa igawiwe kwenye waifai. Ikaipa waifai yako anwani ya kudumu 192.168.137.1, na eduroam haiwezi kuzungumza na anwani hiyo. Ukitoa tiki, wakati mwingine anwani ile inabaki pale pale kama mpangaji aliyekataa kuhama.

Anza kwa kumwondoa mpangaji. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

```
ncpa.cpl
```

Bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, Properties, chagua Internet Protocol Version 4, kisha Properties tena. Ukikuta 192.168.137.1 imeandikwa pale, weka Obtain an IP address automatically, na chini yake DNS nayo iwe automatically. Fanya hivyo hivyo kwenye Ethernet. Intaneti ya laptopu ikirudi, niambie kabla hujagusa kitu kingine.

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 3:41 usiku

Imerudi! Ilikuwa imeandikwa vile vile 192.168.137.1. Sasa naandikia laptopu.

Kofia_ya_Mkeka · Jumatatu, saa 3:44 usiku

Kwani si uwashe Mobile hotspot ya Windows, PS4 ishike waifai ya laptopu? Waya wa nini karne hii?

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 3:47 usiku

Nilijaribu wiki jana. Simu iliiona, PS4 haikuiona kabisa.

FundiWaya · Jumatatu, saa 4:05 usiku

Kofia, wazo lako ni zuri na kwa wengine lingemaliza kesi. Kwake linagonga ukuta kwa sababu PS4 ya kwanza inashika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Za Slim na Pro ndizo zilizoongezewa 5 GHz. Laptopu ikiwa imeshika eduroam kwenye 5 GHz, kadi nyingi hurusha hotspoti kwenye mkondo ule ule, maana redio ni moja. Simu inaona, PS4 haioni. Anaweza kujaribu kuilazimisha hotspoti iwe 2.4 GHz kwenye mipangilio yake, lakini hata ikikubali, redio hiyo moja inapokea na kutuma kwa zamu, na kasi inapungua sana. Waya ameshakuwa nao. Autumie.

Haya Mgeni, tuendelee. Chomeka waya, washa PS4. Rudi kwenye ncpa.cpl. Bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia, Properties, nenda Sharing. Weka tiki penye Allow other network users to connect through this computer's Internet connection. Chini yake pana Home networking connection. Hapo chagua Ethernet. Tiki ya pili, ile ya kuwaruhusu wengine wadhibiti, unaweza kuiacha au kuitoa, leo haina ugomvi na sisi. OK.

Kisha fungua dirisha jeusi la amri, andika `ipconfig`, ulete sehemu ya Ethernet hapa.

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 4:19 usiku

```
Ethernet adapter Ethernet:
   IPv4 Address. . . . . . : 192.168.137.1
   Subnet Mask . . . . . . : 255.255.255.0
   Default Gateway . . . . :
```

Default Gateway iko tupu. Ndiyo tatizo?

FundiWaya · Jumatatu, saa 4:23 usiku

Hapana, inatakiwa iwe tupu. Kwenye waya huo laptopu ndiyo mlango, haina mlango mwingine wa kuutafuta. Ungeona 169.254 na namba nyingine mbele yake, hapo ningekwambia Sharing haijashika. Yako imeshika.

Kwenye PS4: Settings, Network, Set Up Internet Connection, Use a LAN Cable, kisha Easy. Iache ijipangie yenyewe. Halafu Test Internet Connection, na usisome neno la mwisho tu. Soma imekwama mstari upi.

mama_Naila · Jumatatu, saa 4:30 usiku

Samahani kuingilia, wanangu. Mimi niko Tanga. Mwanangu nimemnunulia Xbox 360 ya mkononi mwa mtu, ile ya zamani kabisa nyeupe, haina waifai ndani. Rauta nyumbani hatuna, tunatumia bando la simu. Na mimi nichukue hatua hizi hizi? Nimefungua hiyo orodha, naona Ethernet na Ethernet 2, nimechanganyikiwa.

FundiWaya · Jumatatu, saa 4:44 usiku

Shikamoo mama. Hatua ni hizo hizo, ila kwako jina ndilo linaloleta utata. Nadhani umechomeka simu kwenye laptopu kwa waya wa USB na kuwasha kugawa intaneti kwa USB. Windows haiandiki "simu", inaiita Ethernet 2. Tazama mstari wa chini ya jina: ukiona Remote NDIS, hiyo ndiyo simu. Tiki ya Sharing inakwenda hapo, na penye Home networking connection unachagua Ethernet, lile tundu la waya unaokwenda kwenye Xbox.

Kwenye Xbox nenda System Settings, Network Settings, Wired Network, umruhusu apime. Ukichomoa simu na kuichomeka tena, huenda ukalazimika kutoa tiki na kuirudisha.

Angalizo la bando: duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024, kwa hiyo hatanunua gemu mpya humo. Kucheza na wenzake kwenye gemu ambazo seva zake bado ziko hai kunaendelea.

mama_Naila · Jumatatu, saa 4:58 usiku

Marahaba mwanangu. Remote NDIS nimeiona. Ngoja nijaribu kesho, usiku umeingia.

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 5:02 usiku

Imesogea lakini bado. Majibu ya PS4:

Obtain IP Address: Successful
Internet Connection: Failed

Na laptopu intaneti inayo, naangalia video hapa hapa.

Baba_Kontrola · Jumatatu, saa 5:06 usiku

Nilisema Bridge.

FundiWaya · Jumatatu, saa 5:15 usiku

Hahaha, Baba Kontrola hachoki.

Mgeni, hapo tumefaidika sana hata kama huoni. Mstari wa kwanza ukifaulu maana yake waya ni mzima, Sharing inafanya kazi, na laptopu imeipa PS4 anwani. Hayo yote yaondoe akilini. Kitu kinaizuia PS4 kutoka nje ya laptopu, na ndani ya laptopu wazuiaji wakubwa ni wawili: antivairasi yenye fayawoli yake, na VPN. Unayo ipi?

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 5:18 usiku

VPN ninayo, inajiwasha yenyewe laptopu ikiwaka. Sikudhani inahusika kwa sababu laptopu inapata intaneti.

FundiWaya · Jumatatu, saa 5:29 usiku

Inahusika kwelikweli. Ukiwa na VPN, intaneti ya laptopu haitokei tena kwenye Wi-Fi moja kwa moja. Inaingia kwenye handaki la VPN, na handaki hilo Windows inalihesabu kama mtandao mwingine wenye jina lake. Wewe umegawa Wi-Fi. PS4 inafika mlangoni na kukuta njia imehamishwa. Na VPN nyingi zina kitufe cha kukata chochote kisichopita kwenye handaki, kwa hiyo PS4 inafukuzwa kimyakimya bila onyo lolote.

Izime kabisa, siyo kuipunguza tu pale chini kwenye kona. Kama lazima uwe nayo, toa tiki kwenye Wi-Fi, uiweke kwenye adapta ya VPN yenyewe ndani ya ile ile ncpa.cpl. Lakini leo izime tupime.

Mgeni_wa_Hosteli · Jumatatu, saa 5:37 usiku

Internet Connection: Successful
PlayStation Network Sign-In: Successful
NAT Type: Type 3

Imekubali!!! Aisee FundiWaya, Mungu akubariki. Gemu inaanza kushusha sasisho la GB 40 sasa hivi.

Mlinzi_wa_Seva · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Nafanya kazi ya mitandao kwenye chuo, sitasema kipi. Nimesoma uzi wote na naomba niwe mtu mbaya kidogo. Akaunti ya eduroam ni ya mtu binafsi. Chochote PS4 inachofanya kinaandikwa kwa jina la mwenye laptopu, kwa sababu sisi tunaona laptopu tu. Vyuo vingine masharti yao yanakataza kugawa. Soma masharti yako kabla ya kufurahia. Na hizo GB 40 zishushe usiku wa manane, maana mchana kuna watu wanapakia tasnifu.

Kofia_ya_Mkeka · Jumanne, saa 2:20 asubuhi

Tasnifu gani ina GB 40 😂

Mlinzi_wa_Seva · Jumanne, saa 2:26 asubuhi

Haina GB 40, ndiyo maana haipaswi kusubiri nyuma ya mpira wako.

Mgeni_wa_Hosteli · Jumanne, saa 12:40 asubuhi... samahani, nilianza kuandika hii alfajiri, natuma sasa saa 2:50

Nimelisikia, mkuu Mlinzi, masharti nitayasoma. Ila nina majonzi mengine. Nimelala saa 6 usiku sasisho likiwa linakwenda vizuri, nimeamka limesimama kwenye GB 5 na ushee. Laptopu ilikuwa imezima skrini. Nilipoigusa, intaneti ikarudi na PS4 ikaendelea.

FundiWaya · Jumanne, saa 4:15 asubuhi

Laptopu ililala, na ikilala rauta yako imelala. Power Options, weka Sleep iwe Never ikiwa kwenye umeme, na penye kufunga kifuniko chagua Do nothing. Skrini kuzima hakuna ubaya. Ubaya ni mashine kulala.

Piga na hesabu ujue unasubiri nini. PS4 ilipopima ilikuonyesha kasi gani?

Mgeni_wa_Hosteli · Jumanne, saa 4:20 asubuhi

Kama 5 Mbps hivi.

FundiWaya · Jumanne, saa 4:31 asubuhi

GB 40 ni biti bilioni 320. Kwa biti milioni 5 kila sekunde, zinakuwa sekunde 64,000, yaani karibu saa 18. Kwa hiyo siyo kazi ya usiku mmoja, na laptopu inatakiwa iwe macho saa zote hizo. Iweke mahali penye hewa, siyo juu ya godoro.

Na kabla hujaja kulalamika: siku ukizima na kuwasha laptopu, PS4 itakosa intaneti tena. Tiki utaiona ipo pale pale, lakini haifanyi kazi. Windows 10 ina tabia hiyo, huduma ya Sharing haiamki yenyewe baada ya kuwasha upya. Unaweza kutoa tiki na kuirudisha kila mara, au ufungue dirisha la amri kama Administrator uandike hizi mara moja tu:

```
reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\SharedAccess" /v EnableRebootPersistConnection /t REG_DWORD /d 1 /f
sc config SharedAccess start= auto
```

Nafasi kati ya `start=` na `auto` usiiondoe, ndivyo amri hiyo ilivyo. Baada ya hapo toa tiki, rudisha, kisha zima na uwashe uone.

Mpemba_Maskati · Jumanne, saa 10:12 jioni

Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati, nyumba ya kupanga watu wanne. Nimefuata hatua za hapa neno kwa neno na Windows inakataa kabisa hata kuweka tiki, inalalamika kuhusu anwani. Intaneti naipata kwa mwenzangu wa chumba cha pili, laptopu yake inarusha waifai, mimi naishika kwa laptopu yangu, halafu nataka kuipeleka PS4 kwa waya. VPN sina, antivairasi sina.

FundiWaya · Jumanne, saa 11:40 jioni

Waalaykum salaam. Laptopu ya mwenzako ni Windows pia? Andika ipconfig utazame anwani ya Wi-Fi yako. Nina hakika inaanza na 192.168.137.

Mpemba_Maskati · Jumanne, saa 11:52 jioni

Naam, 192.168.137.64. Umejuaje?

FundiWaya · Jumanne, saa 12:20 jioni

Kwa sababu Windows za siku hizi zinapogawa intaneti hutumia mtaa huo huo, 192.168.137. Laptopu ya mwenzako ni 192.168.137.1, na yako nayo inataka kuwa 192.168.137.1 upande wa waya. Nyumba mbili zenye namba moja kwenye mtaa mmoja, barua itakwenda wapi?

Badilisha mtaa wako wewe. Toa tiki zote za Sharing, kisha kwenye dirisha la amri la Administrator:

```
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\SharedAccess\Parameters" /v ScopeAddress /t REG_SZ /d 192.168.200.1 /f
reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\SharedAccess\Parameters" /v ScopeAddressBackup /t REG_SZ /d 192.168.200.1 /f
```

Zima, washa, ndipo uweke tiki. ipconfig ikikuonyesha 192.168.200.1 kwenye Ethernet, umepita. Au umshawishi mwenzako akupe nywila ya rauta yenyewe, uachane na laptopu yake.

Mpemba_Maskati · Jumanne, saa 3:05 usiku

Imekubali wallahi, 192.168.200.1. Nywila hanipi, huyo bwana bahili.

Tunda_Limeumwa · Jumanne, saa 3:30 usiku

Kwa wenye Mac wanaopita hapa: nimejaribu hii ya eduroam kwangu. Internet Sharing ya Mac inakataa kugawa waifai ya aina ya eduroam, ile ya kuingia kwa jina na nywila ya mtu. Waifai ya kawaida inagawa bila tatizo. Nikalazimika kuchomeka simu kwa USB nikagawa hiyo.

mama_Naila · Jumatano, saa 1:15 jioni

Mwanangu FundiWaya, Xbox imeshika. Mara ya kwanza ilinigomea ikasema habari za MTU na namba 1364. Nikatoa simu, nikabadilisha laini nyingine, nikaweka tiki upya, ikapita. Sijui nilichofanya lakini inacheza. Bando la siku limeisha kwa saa mbili.

FundiWaya · Jumatano, saa 1:40 jioni

Hongera mama. Xbox inataka vifurushi vya data vyenye ukubwa usiopungua 1364 vipite bila kukatwakatwa. Njia ya laini ile ya kwanza ilikuwa inavibana mahali fulani. Kama laini ya pili inapita, baki nayo. Na kabla hajawasha, mwambie azime masasisho ya Windows kwenye laptopu. Mara nyingi mla bando siyo Xbox, ni laptopu yenyewe ikiona simu ni waya wa bure. Nenda Settings, Network & Internet, chagua huo mtandao wa simu, washa Metered connection.

Baba_Kontrola · Alhamisi, saa 2:00 usiku

Nimerudi. Nimejaribu Sharing ya FundiWaya nyumbani kwangu. Inafanya kazi, sikatai. Lakini kwenye Bridge napata NAT Type 2 na kwenye Sharing napata Type 3, na nikiwa Type 3 kwenye pati simsikii shemeji yangu. Kwa hiyo wa nyumbani wabaki na Bridge.

FundiWaya · Alhamisi, saa 2:25 usiku

Hapo umenishinda kwa haki. Kwenye Bridge rauta yako inaiona PS4 moja kwa moja, kuna mlango mmoja tu wa kupita. Kwenye Sharing milango ni miwili, laptopu kisha rauta, na anayetoka nje kukutafuta anapotea katikati. Mwenye rauta yake na waifai inayokubali Bridge, abaki nayo.

Mgeni_wa_Hosteli · Alhamisi, saa 3:10 usiku

Mimi ndiyo kabisa. Sasisho limeisha, amri za reg zimefanya kazi, nimezima na kuwasha mara tatu PS4 inapata intaneti. Mechi za mtandaoni naingia, ila nikimwalika rafiki yangu moja kwa moja inazunguka hadi inakata. Nikialikwa na yeye naingia. Type 3 hiyo hiyo. Kuna dawa?

Mlinzi_wa_Seva · Alhamisi, saa 3:22 usiku

Kwa upande wa chuo hakuna atakayekufungulia mlango wa PS4, naweza kukuhakikishia kwa niaba ya wenzangu wote.

FundiWaya · Alhamisi, saa 3:35 usiku

Upande wa laptopu tungeweza kuhangaika, lakini mlango wa pili ni wa Mlinzi na wenzake. Kuna kitu kimoja nataka ujaribu: gawa intaneti ya simu yako kwa USB kama mama Naila, utazame NAT inasema nini. Mitandao mingi ya simu nayo huwaweka wateja nyuma ya mlango mmoja wa pamoja, kwa hiyo sitegemei muujiza, ila laini nyingine zinaweza kuwa tofauti.

Mgeni_wa_Hosteli · Alhamisi, saa 4:18 usiku

Laini ya kwanza Type 3. Ya pili Type 2 mara moja, nikapima tena ikawa Type 3. Sielewi. Kwa sasa nimemwambia rafiki yangu awe ananialika yeye.

Chogo_la_Samaki · Alhamisi, saa 4:30 usiku

Kwa hiyo HDMI inaingiza au haiingizi?